Uzi: Kidato cha tatu wameniandikia wastani 925, kati 750, modi 11. Hili jedwali la nyanya nilieleze vipi?

Chaki_Nyeupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha hisabati Morogoro, kidato cha tatu. Tumeingia mada ya takwimu na nimekwama mahali ambapo sikutegemea kabisa. Nikiwapa namba saba au nane ubaoni, wanatafuta wastani, kati na modi bila shida. Nikizipanga namba hizohizo kwenye jedwali, darasa zima linapotea.

Kuna mama ana genge nje ya geti la shule, anauza nyanya kwa mafungu. Nilikaa naye asubuhi moja na daftari, nikahesabu wateja 25, kila mmoja na fungu lake:

Fungu la Sh 200: wateja 11
Fungu la Sh 500: wateja 8
Fungu la Sh 1,000: wateja 4
Fungu la Sh 2,000: wateja 2

Nikawapa. Karibu nusu ya darasa wameandika wastani 925, kati 750, modi 11. Wengine wachache wana wastani wa 3,550. Naona walikopita: 925 ni bei nne zimejumlishwa zikagawanywa kwa 4. 750 ni katikati ya 500 na 1,000, kwa sababu ndizo zilizo katikati ya jedwali. Na 11 ndiyo namba kubwa kwenye safu ya wateja. Kanuni wameikariri, wanaiimba kabisa. Nikarudia somo, kesho yake 925 ileile.

Nieleze vipi kwa lugha ya sokoni? Somo kwenye karatasi ni la Kiingereza, lakini nikieleza kwa Kiingereza napata macho tu. Naomba kuwasilisha.

Mpiga_Hesabu_wa_Mjini

Mkuu usijitese. Waambie wastani ni kitu cha kudanganyia watu, wanasiasa ndio wanaupenda. Anayejua kazi anatumia kati siku zote. Wafundishe kati, umemaliza.

Bi_Mstaafu

Mwanangu Chaki_Nyeupe, nilishika chaki miaka mingi na hilo 925 nimelisahihisha mpaka nikalichoka. Kosa haliko kwenye kugawa. Watoto wanaliona jedwali kama orodha ya vitu vinne, basi. Kwao pale kuna bei nne. Wateja 25 hawawaoni, wamejificha kwenye safu ya pili. Ukirudia kanuni mara mia hutawafikia, kwa sababu kanuni inaanza pale ambapo mtoto ameshaona watu.

Fanya hivi. Kata vikaratasi 25. Kumi na moja andika 200, vinane 500, vinne 1,000, viwili 2,000. Wagawie wanafunzi 25, kila mmoja ni mteja wa yule mama na ameshika fungu lake.

Anza na modi, ndiyo nyepesi. Wakusanyike kwa bei, wenye 200 kona moja, wenye 500 kona nyingine. Uliza: kona ipi imejaa zaidi? Watasema ya 200. Basi modi ni 200. Waulize tena, mama akiamka kesho afunge mafungu ya namna gani mengi? Hakuna atakayekujibu "afunge mafungu ya 11". Hapo lile 11 linajifia lenyewe. Kumi na moja ni watu waliosimama pale konani. Sisi tunauliza wameshika nini.

Kati: wapange mstari, mdogo kushoto mkubwa kulia. Mmoja wa mwisho kushoto na mmoja wa mwisho kulia wakae chini. Kisha wawili wanaofuata, hivyohivyo. Wakishakaa jozi 12 anabaki mmoja amesimama, mtu wa 13. Asome karatasi yake: 500. Ndiyo kati. Sasa warudishe kwenye jedwali, wahesabu kwa vidole: mtu wa 1 hadi wa 11 wana 200, wa 12 hadi wa 19 wana 500, kwa hiyo wa 13 yumo kwenye 500. Waambie wahesabu na kutoka upande wa 2,000 pia. Wawili, wanne, wamekuwa sita, kisha wa 7 hadi wa 14 ni 500. Wa 13 kutoka huku ni yuleyule. Mwanafunzi aliyeandika 750 ataona kwamba alitafuta katikati ya bei badala ya katikati ya foleni.

Wastani uweke mwisho. Leta beseni. Kila mmoja atumbukize hela yake. Wenye 200 wametoa 2,200 wote pamoja, wenye 500 wametoa 4,000, wenye 1,000 wametoa 4,000, wenye 2,000 nao 4,000. Beseni lina 14,200. Sasa tuseme mama angetaka wateja wote 25 walipe sawasawa na hela isipungue wala isizidi, kila mmoja angelipa ngapi? 14,200 kwa 25 ni 568. Huo ndio wastani.

Na hapa ndipo utakapomaliza ubishi wa 925. Usimwambie mtoto amekosa. Mwambie azidishe 925 kwa wateja 25. Atapata 23,125. Kisha mwambie aende akamwonyeshe mama, amuulize pochi yake ina 23,125 au 14,200. Yule wa 3,550 ni rahisi zaidi. Beseni alijaza vizuri, akagawa kwa mafungu manne badala ya watu. Muulize, fungu kubwa kuliko yote ni la 2,000, wastani umetoka wapi na 3,550? Wastani hauwezi kumpita mkubwa wala kushuka chini ya mdogo.

Bint_Kidato3

Shikamoo Bi_Mstaafu. Naomba kuuliza, na mimi ni mwanafunzi. Kama wateja wangekuwa 22, wa 200 wakiwa 11 na waliobaki 11, wawili waliobaki katikati si mmoja ana 200 na mwingine ana 500? Tulifundishwa tujumlishe tugawe kwa mbili, inakuwa 350. Lakini fungu la 350 halipo pale gengeni! Na la 568 pia halipo. Sasa tunatafuta bei ambayo haipo?

Bi_Mstaafu

Marahaba mjukuu wangu, umeuliza vizuri. 350 hapo ni kama kamba uliyoivuta kati ya watu 11 na watu 11. Namba yoyote baina ya 200 na 500 ingewatenganisha, tumekubaliana tu kuchukua ya katikati ili wote tupate jibu moja. Na 568 ni mgawo wa beseni, hakuna aliyesema ni bei ya fungu. Kati ya hivyo vitatu, modi peke yake ndiyo lazima iwe kitu kilichopo mezani.

Mama_Tenga

Jamani mimi si mwalimu, nimevutwa na habari ya nyanya. Mnasema wastani, mimi wastani umenitia hasara wiki iliyopita. Nilichukua matenga mawili kwa 30,000, mzigo ukapungua shambani, nikaongeza matenga sita kwa 42,000. Nikapiga hesabu, 30 na 42 katikati yake 36,000. Nikauza kwa jumla tenga 38,000 nikijua nala 2,000 kila tenga. Mwisho wa siku hela imepungua. Nikamshuku kijana anayenisaidia, tukagombana. Soko siku hizi limeharibika, madalali wanatumaliza. Mnanishauri nini, nibadilishe soko?

Chaki_Nyeupe

Pole sana mama. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, kisha nikacheka peke yangu, na sikucheki wewe. Umefanya kosa lilelile la 925!

Bei zilikuwa mbili, lakini matenga yalikuwa manane. Mawili kwa 30,000 ni 60,000. Sita kwa 42,000 ni 252,000. Ulitoa mfukoni 312,000. Gawa kwa matenga 8, kila tenga lilikugharimu 39,000. Ulipouza 38,000 ulikuwa unapoteza 1,000 kila tenga, jumla 8,000. Hela yako ilipungua ngapi?

Mama_Tenga

Elfu nane na mia tano. Mia tano nilikunywa chai.

Basi kijana nitamwomba radhi. Lakini madalali bado ni tatizo.

Chaki_Nyeupe

Naomba ruhusa niitumie hesabu yako darasani, mama. Ukiacha hela ya chai, imeingia yote. Lile 36,000 lingekuwa sahihi kama ungenunua matenga sawa kwa kila bei, manne kwa manne. Nadhani ndiyo sababu watoto wanaliamini. Kwenye orodha fupi za ubaoni kila namba inatokea mara moja, kwa hiyo kugawa kwa idadi ya namba kunawapa jibu sahihi kila siku, mpaka siku ya jedwali.

Viatu_vya_Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nauza viatu vya mitumba Gikomba, na shule niliimaliza zamani, lakini hii modi naitumia bila kujua jina lake. Nimeangalia daftari la wiki jana, viatu vya wanaume: namba 39 pea 3, namba 40 pea 5, namba 41 pea 9, namba 42 pea 9, namba 43 pea 4. Jumla pea 30. Nikifuata beseni la Bi_Mstaafu napata 41.2. Sasa hiyo 41.2 nitaipeleka wapi, boss? Hakuna mguu wake. Mimi nataka kujua niongeze namba gani. Na hapa zimelingana mbili, 41 na 42. Modi ni ipi?

Bi_Mstaafu

Zote mbili, mwanangu. Data zako zina modi mbili na hakuna sheria ya kuchagua moja. Wanafunzi huandika 41.5 wakidhani modi nazo zinagawanywa kwa mbili kama kati. Waulize tu kama kuna aliyenunua pea ya 41.5 pale kwako.

Ila nikuulize. Namba 43 ulikuwa nazo pea ngapi?

Viatu_vya_Gikomba

Nne tu. Zilitoka zote nne siku ya kwanza. Robota lilikuja hivyo.

Bi_Mstaafu

Basi daftari lako limeandika kilichouzwa, halikuandika waliokuja wakaondoka. Huenda wenye mguu wa 43 walikuwa 12 na wanane wakaondoka mikono mitupu. Modi uliyopata ni ya mauzo. Ukitaka ya wateja, weka alama kila mtu anapouliza namba, hata kama huna. Hesabu yako haina kosa, lakini ukiifuata hivyohivyo utaendelea kuwakosa watu wa 43.

Viatu_vya_Gikomba

Aisee. Wapo, huwa wanauliza. Sijawahi kuwaandika.

Mpiga_Hesabu_wa_Mjini

Mnaona sasa? Wastani umetoa 41.2, takataka. Nilisema. Kati yake hapo ni 41, mtu wa 15 na wa 16 wote wamevaa 41, kitu safi.

Bi_Mstaafu

Kwa viatu nakuunga mkono, wastani hauna kazi hapo. Lakini "siku zote" yako siikubali. Chaki_Nyeupe, yule mama wa nyanya hakuwahi kupata mteja mkubwa?

Chaki_Nyeupe

Alipata. Nilipofunga daftari tu, akaja mpishi wa hosteli akabeba tenga zima, 40,000. Sikulihesabu kwa sababu lingeniharibia swali.

Bi_Mstaafu

Limelitengeneza, mwanangu, liweke! Wateja sasa ni 26, beseni lina 54,200. Wastani ni kama 2,085. Tazama, namba hiyo imewapita wale wateja 25 wote, hata waliochukua fungu la 2,000. Mtu akiambiwa "mteja wa genge hili hununua nyanya za 2,085 kwa wastani" atapata picha ya genge ambalo halipo. Kati imekaa palepale: wa 13 na wa 14 wote wana 500. Modi bado 200. Mpishi ni mtu mmoja kwenye foleni, ana nafasi moja tu, hata angebeba matenga kumi. Kwenye beseni ndiko mkono wake mzito unakoonekana. Kwa hiyo mpaka hapo Mpiga_Hesabu ana haki.

Lakini mama anadaiwa kodi ya meza. Akitaka kujua hela iliyoingia, achukue 500 azidishe kwa 26? Atapata 13,000 wakati pochi ina 54,200. Kati haiwezi kukurudisha kwenye jumla. Wastani ukiuzidisha kwa idadi ya watu unarudi kwenye pochi kila mara, kwa sababu ndiko ulikotoka. Ukiuliza mteja wa kawaida yukoje, nenda kwenye foleni. Ukiuliza hela, nenda kwenye beseni.

Mpiga_Hesabu_wa_Mjini

Kwenye kodi nimekuelewa bibi. Kwenye wanasiasa sijabadilika.

Mzee_wa_Maskati

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Oman, asili yetu Unguja. Nadhani kuna jambo mmeliruka, nalo ni neno lenyewe. "Wastani" kwetu sote ni kitu cha katikati. Mtu wa kimo cha wastani si mrefu si mfupi, hali ya wastani si njema si mbaya. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya katikati. Sasa mtoto ukimwambia atafute wastani, anatafuta kilichokaa katikati, kisha unamwambia kuna kingine kinaitwa kati. Hata wajukuu zangu hapa wanaosoma kwa Kiarabu wanababaika, maana wastani wanauita *mutawasit* na kati *wasiti*, mzizi mmoja. Modi peke yake ndiyo ina jina la mbali, *minwali*.

Chaki_Nyeupe

Mzee, umenifungua. Nilimuuliza mmoja kwa nini ameandika wastani 750, akanijibu "si ndiyo ipo katikati mwalimu?" Nikadhani amechanganya mistari. Kumbe alisikia Kiswahili vizuri kabisa.

Wenzangu mnasemaje darasani? Mimi nasema "kati", jirani yangu anasema "mediani", kuna kitabu nimekuta "wastani wa kati", hicho ndicho kibaya kuliko vyote.

Bi_Mstaafu

Mimi nilikuwa nasema mediani, halafu mezani naiita "mtu wa katikati ya foleni". Na wastani niliuita "mgawo sawa" wiki nzima ya kwanza kabla ya kulitaja jina. Wenzangu walinilaumu kwamba nawachelewesha na msamiati wa mtihani. Hatukuwahi kukubaliana.

Chaki_Nyeupe

Mrejesho, siku nne baadaye. Vikaratasi vimefanya kazi, ingawa kwenye kupanga mstari walicheka zaidi ya walivyojifunza. Nilipowapa jedwali jipya la maembe, 925 za aina ile zilibaki tano tu darasani. Wenye tatizo la modi wameisha kabisa. Kati bado inasumbua: wanapata nafasi ya 13 halafu wanaandika 13 kama jibu. Nawauliza "umempata mtu, ameshika nini?" wanashtuka wanarekebisha.

Sasa limezuka jingine. Kijana mmoja alichukua mauzo ya mama wa genge Jumatatu mpaka Jumamosi, jumla 168,000, akagawa kwa 6, wastani 28,000 kwa siku. Mwenzake akagawa kwa 7, akapata 24,000, anasema Jumapili nayo ni siku, mauzo yalikuwa sifuri. Walibishana mpaka kengele. Nilishindwa kuamua.

Mama_Tenga

Saba. Watoto Jumapili wanakula.

Viatu_vya_Gikomba

Sita. Siku sikufungua meza, hiyo si mauzo sifuri, ni kwamba sikuwepo. Mvua ikinyesha nimefungua na sijauza, hiyo ndiyo sifuri.

Bi_Mstaafu

Wote wawili mna sababu, na swali ndilo lililokosa neno. "Kwa siku ya kazi" ni 28,000, "kwa siku ya wiki" ni 24,000. Ile ya mvua lazima ihesabiwe kwa vyovyote, hapo Gikomba yuko sawa. Wanafunzi hupenda kuiruka sifuri kwa sababu haiongezi kitu kwenye beseni, wakisahau kwamba inaongeza mtu kwenye mgawo.

Bint_Kidato3

Sasa kwenye mtihani wakiandika "kwa siku" tu, bila neno lingine, nigawe kwa ngapi?

Mpiga_Hesabu_wa_Mjini

Hapo bibi akujibu, mimi nimeshanyamaza.

Bi_Mstaafu

Gawa kwa siku walizokupa kwenye jedwali. Kama Jumapili imeandikwa na mbele yake kuna 0, ni saba. Kama haikuandikwa, sita, na uandike pembeni "siku sita za mauzo" msahihishaji aone ulichokusudia. Kama wameiandika halafu wakaweka kistari badala ya sifuri, hapo hata mimi na mwenzangu wa ofisini tulipishana.